Kulia kwa Nani

Mimi ni mashoto niliyefundishwa kuwa mtu wa kulia, na hadi leo sijapona. Nikiambiwa nikate kona kulia, nasita. Mkono mmoja huinuka wenyewe, vidole vikakusanyika kana kwamba vinafinyanga tonge la ugali, ndipo najua upande. Wenzangu ofisini wanacheka. Nawaambia wacheke tu, maana mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na mimi sina ramani nyingine.

Aliyenifundisha ni mama mkubwa. Mama yangu alipofariki nilikuwa mdogo, na dada yake akanichukua nyumbani kwake, kandokando ya barabara ya changarawe inayoacha lami na kupanda kuelekea Mbebe, wilayani Ileje. Wakati wa kula alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kitenge. Hakuwa mkali. Alihofia tu kwamba wageni wakiniona natia mkono wa kushoto kwenye sinia watasema mtoto wa marehemu amekosa wa kumlea. Basi nikajifunza kula na kuandika kwa mkono wa kulia, lakini viazi namenya kwa wa kushoto na jiwe narusha kwa wa kushoto, na kichwani mwangu pande mbili hizo hazijawahi kukaa mahali pake.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akapewa kazi ya ramani za barabara.

Kazi yenyewe ukiielezwa ni nyepesi. Watu wa barabara hawasemi kalavati la kupitishia maji chini ya barabara liko karibu na mti gani. Wanasema liko umbali gani kutoka mwanzo wa barabara, na umbali huo wanauita cheneji. Sita, jumlisha mia tatu arobaini, maana yake kilometa sita na mita mia tatu arobaini kutoka sifuri. Kwenye kompyuta kuna mstari wa katikati ya barabara, na mstari huo umefundishwa kujua urefu wake tangu mwanzo hadi mwisho. Unaupa orodha ya makalavati, mitaro na vibao, nao unadondosha kila kitu kwenye cheneji yake. Kama kitu kiko pembeni, unauambia pia ni upande gani na mita ngapi kutoka katikati. Kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeipa sifuri mgongo na kutazama kule namba zinakokua. Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika ukutani juu ya meza yangu, na bado nayasoma kila asubuhi.

Mwaka ule tulipewa barabara ya nyumbani kwetu. Mvua zilikuwa zimeila vibaya, na mkandarasi alikuwa ameshapatikana wa kujenga makalavati mapya na kuchimba mitaro kabla ya masika mengine. Fundi sanifu wetu, mzee mmoja aliyeanza kazi hizi kabla sijajua kusoma, aliitembelea barabara yote na kishikwambi, akagusa kwenye kioo kila alichokiona na kila alichopendekeza. Akarudi, akanikabidhi, kisha akatumwa wilaya ya Momba kwenye barabara nyingine. Mimi nikakaa na kompyuta.

Mara ya kwanza nilipodondosha ile orodha, nilidhani nimelewa. Makalavati yalikaa juu ya vilima. Kwenye mabonde, ambako nakumbuka kabisa tulikuwa tunavua viatu ili tuvuke, palikuwa patupu. Kalavati moja kubwa, la midomo mitatu, lilikuwa limepanda kileleni ambako hata mbuzi hunywa maji ya kubebewa. Nilimwita mkuu wetu wa kazi aje kuona. Alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza kama hii ni barabara yenyewe au ya wilaya nyingine.

Tulihangaika nayo siku nzima. Nilishuku orodha, nikashuku kishikwambi, nikamshuku na mzee mwenyewe. Kumbe shida ilikuwa kwenye mstari. Aliyeuchora, sijui nani na wala hakuna aliyejitokeza, alianzia juu milimani akashuka hadi lami, wakati mzee alikuwa amehesabu kutoka lami kwenda juu. Sifuri ya mstari ilikuwa kwenye mwisho wa barabara. Kwa hiyo kalavati la karibu na lami lilipelekwa karibu na Mbebe, na la Mbebe likateremshwa huku.

Niliugeuza mstari, nikaupimia upya, nikadondosha orodha. Makalavati yote yakashuka mabondeni, moja moja, kila moja likakaa kwenye kijito chake. Nilipiga kofi. Mkuu wa kazi akaagiza soda. Orodha ikatengenezwa, kila kitu na mahali pake pa kukipima kwa mitambo ya setilaiti, ikapelekwa kwa mkandarasi, na vijana wake wakaanza kupanda vigingi vyenye rangi nyekundu kandokando ya barabara.

Nilikuwa bado na furaha hiyo pale mama mkubwa aliponipigia simu. Kwanza aliuliza habari za kazi, akauliza habari za Tunduma ninakofanya kazi, akauliza kama nakula vizuri. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, mmenipandia kigingi nyuma ya jiko. Ni cha kunibomolea au cha nini?"

Nilimwambia hapana, hakuna anayebomoa, labda wamekosea hatua chache. Akasema kigingi kina rangi nyekundu, na yeye rangi nyekundu anaijua inavyofanya kazi. Watu wa Mpemba walipopakwa alama kama hiyo kwenye kuta, hawakukaa sana.

Nikafungua kompyuta. Nyumba ya mama mkubwa iko mahali ambapo barabara inapita juu ya mgongo wa kilima, na ardhi inateremka pande zote mbili. Upande mmoja kuna yeye, jiko lake, na miche yake ya kahawa. Upande wa pili kuna korongo ambalo halina mtu. Kwenye orodha, hapo palipendekezwa kalavati jipya la kuyatoa maji kwenye mtaro wa upande mmoja, yapite chini ya barabara, yatokee upande wa pili. Kigingi kilikuwa kinaonyesha mdomo wa kutolea maji. Kwa ramani yangu, maji yote ya kile kilima yalikuwa yatokee jikoni kwake.

Nikasoma upande. Kishikwambi kilikuwa cha Kiingereza, kikitoa herufi mbili za kuchagua, L na R. Pale palikuwa na L, na L ni kushoto. Nikaangalia karatasi ya ukutani, nikafinyanga tonge langu hewani, nikageuka na kiti. Ukiipa lami mgongo, nyumba ya mama mkubwa iko kushoto. Ramani ilikuwa sawa, orodha ilikuwa sawa, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa sawa. Sasa ilikuwaje fundi mwenye akili timamu apendekeze maji yamwagwe kwenye nyumba ya mtu wakati korongo liko mkabala?

Nilikwenda kwa mkuu wa kazi. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri hadi nilipofika kwenye neno mama mkubwa, hapo nikaona uso wake unafunga.

"Unataka tuhamishe kalavati la serikali kwa sababu ya jiko la mama yako," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amewahi kuona mengi, barabara kukunja kona kwa sababu ya shamba la mheshimiwa, mtaro kukatika ghafla mbele ya duka la shemeji. Aliniambia nilete sababu isiyokula ugali na mimi. Na akanikumbusha kwamba mtambo ungeanza kuchimba wiki iliyofuata.

Nilirudi mezani nimekasirika, na hasira ile ilikuwa imechanganyika na aibu, maana sikujua kama nina haki. Pengine kweli nilikuwa namtetea mama mkubwa tu. Pengine mzee aliona kitu nisichokijua, mwamba chini ya korongo labda. Nilijaribu kuutazama mlima ule kama mtu asiyezaliwa pale, na sikuweza.

Basi nikaacha jiko, nikatafuta vitu vingine. Nilikumbuka kibao cha shule yetu ya msingi. Kila asubuhi, nikipanda kutoka nyumbani, kilikuwa upande wa mkono wangu wa tonge, na hilo silisahau, kwa sababu nilikuwa nakigonga na fimbo nikipita. Kwenye ramani kilikuwa upande wa pili. Kanisa nalo upande wa pili. Bomba la maji upande wa pili. Nikatafuta sehemu ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, nikakuta ramani inataka mtaro wa kumwagia maji uchimbwe upande wa juu, kwenye ukingo, kana kwamba maji yetu ya Ileje yanajua kupanda. Cheneji zote zilikuwa sahihi. Pande zote zilikuwa zimegeuka.

Kisha nikafanya jambo lililonivuruga zaidi. Nilifungua ramani ile ya kwanza, ile ya aibu, ya makalavati juu ya vilima. Nikachukua kitu kimoja kimoja, nikakitazama upande wake. Kibao cha shule kilikuwa kimedondoka kilometa kadhaa mbali na shule, lakini kilikuwa upande wake halisi wa barabara. Kanisa vilevile. Bomba vilevile. Yaani ramani mbovu ilikuwa inajua kushoto na kulia, na ramani nzuri haijui. Nilitoka nje nikasimama uani. Nilihisi kama mtoto aliyefungwa kitenge.

Ilibidi nimpigie mzee huko Momba. Mtandao ulikuwa unakatika, nikawa napiga na kupiga. Alipopatikana nilimwamkia, nikamuuliza juu ya kalavati la mgongoni, pale kwenye nyumba yenye kahawa. Akasema analikumbuka, maji yaende korongoni, yaende wapi kwingine? Nikamwambia lakini umeandika L.

"Ndiyo, L," alisema. "Kulia."

Nikageukia karatasi ya ukutani. Akafikiri simu imekatika.

"Mdogo wangu, kulia na kushoto zote zinaanza na K," alinieleza polepole, jinsi anavyowaeleza wageni. "Herufi K haipo mle ndani. Nikaangalia, L imo kwenye kulia. Basi hiyo ni kulia. R imebaki, nikaipa kushoto."

Nilimwambia kwa Kiingereza L ni kushoto. Akajibu kwamba kishikwambi ndicho cha Kiingereza, si yeye, na kwamba barabara nzima ameiandika kwa utaratibu huo huo bila kukosea hata mahali pamoja. Na kweli hakuwa amekosea. Hapo nilicheka hadi mwenye chumba cha pili akaja kuchungulia.

Nilipoweka simu chini ndipo yote yakakaa. Mstari ulipokuwa umechorwa kinyume, kushoto kwake kulikuwa kulia kwetu, na L ya mzee iliyosomwa kushoto ikaangukia upande sahihi bila mtu kujua. Makosa mawili yalikuwa yanashikana mikono. Mimi nikarekebisha moja, nikanywa na soda.

Mkuu wa kazi alielewa nilipomwonyesha kanisa na kibao, vitu visivyo na undugu na mimi. Mtaro wa kupandisha maji mlimani ndio uliomaliza ubishi. Niligeuza pande zote kwenye orodha, nikatuma orodha mpya. Lakini kwa haraka, na kwa kuwa vijana wa mkandarasi walikuwa tayari porini, mkuu wa kazi akawapigia simu na kuwaambia kwa kifupi tu kwamba kila kigingi cha pembeni wakivushe upande wa pili wa barabara. Sote tukaona ni sawa. Nikampigia mama mkubwa kumpa habari njema, simu yake haikupatikana, na sikushangaa, maana kule simu huchajiwa pale jua linapokubali.

Asubuhi mtambo ulipoanza nilipanda na gari la ofisi. Nilitaka kuona kwa macho. Nilipokaribia nyumbani nikaona kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeegeshwa barabarani na mkono wake umeinuliwa, na mbele yake, kwenye kigoda, amekaa mama mkubwa. Nyuma ya jiko kigingi chekundu kilikuwa kimesimama palepale kilipokuwa mwanzo.

Nilishuka garini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akasema yeye alikuwa amekwisha tengeneza. Asubuhi iliyofuata baada ya kunipigia simu, usiku wa hasira ulipopita, alikwenda akaking'oa kile kigingi kwa mikono yake, akakipanda ng'ambo ya barabara, kwenye korongo, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angekiweka. Kikakaa vizuri. Halafu vijana wamepita juzi, wameking'oa kule, wamekirudisha jikoni. Aliwaomba, wakasema wameamriwa kuvusha kila kigingi.

"Nimekulea nikakusomesha ili uje unitie maji ndani?" aliniuliza.

Nilijua kilichotokea, lakini kukieleza pale, mbele ya mashine inayonguruma, kungekuwa kama kumweleza mtu ndoto. Dereva wa kijiko alikuwa mtu wa kazi tu, mgeni wa mkoa, amechoka kumsubiri mama mmoja kwenye kigoda. Aliniambia yeye anafuata kigingi, hafuati maneno. Kuchimba kalavati kunaanzia kwenye mdomo wa kutolea, chini, na ukishaanza huwezi kubadili mawazo. Nimwambie, kushoto au kulia.

Nilisimama katikati ya barabara. Nilikuwa nimekuja na gari lililogeuza mara mbili njiani, na kilima kile nilichokulia kilikuwa ghafla kama cha ugenini. Nilitoa simu, nikafungua orodha mpya. Kitone kilikuwa kinaruka ruka, mara huku, mara kule, kikitafuta setilaiti. Nikaipa lami mgongo. Nikatazama kule namba zinakokua. Nikainua mkono, nikafinyanga tonge mbele ya watu wote, na nikamwona mama mkubwa ananitazama mkono.

"Kulia," nilisema.

"Kulia kwako au kulia kwangu?" dereva aliuliza. Alikuwa ameketi ametazama kule kwenye lami, kinyume na mimi.

Sikumjibu kwa maneno tena, maneno yalikuwa yametutosha. Nilivuka barabara, nikashuka kidogo kwenye ukingo wa korongo, nikasimama nimepanua miguu juu ya majani yenye umande. Kitone kwenye simu kikatulia miguuni kwangu. Nikamwambia dereva achimbe hapa niliposimama mimi, na kama ni kosa, lina jina langu. Akanitazama, akatazama simu niliyomnyooshea, akageuza mashine. Kijiko kikashusha mkono, na udongo mwekundu wa korongoni ukaanza kutoka.

Mama mkubwa hakuondoka kwenye kigoda hadi alipoona shimo limekuwa refu kiasi cha kutorudishwa. Kisha akaingia ndani kupika.

Aliniwekea ugali na maharage mezani, na pembeni ya sahani akaweka kijiko. Nyumba ile hatukuwahi kula kwa kijiko. Nilimuuliza ni cha nini. Alikaa, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Nilikuona pale barabarani unauliza mkono wako," alisema. "Mtu mzima na kazi yako. Mimi ndiye niliyekuharibia. Kula na unaoutaka."

Nilitaka kumwambia haikuwa hivyo, kwamba ni mstari uliochorwa kinyume, na L ya mzee, na simu ya mkuu wa kazi. Nikaona itakuwa hadithi ndefu na chakula kinapoa. Nikanawa. Mikono yote miwili ilikuwa safi, imelala pande mbili za sahani, na mama mkubwa ananisubiri, na mimi sikujua niinue upi.

Nilianza kulia.